Simu Ikilia Usiku wa Manane

Leo nataka tuzungumze juu ya ule mlio mfupi wa simu yako, kioo kikawaka, na juu yake yakatokea maneno mawili matatu: umepokea pesa, bando lako linakaribia kwisha, basi lako limebadilishiwa muda. Sisi tunaotengeneza programu za simu tunaziita arifa. Na habari yenyewe nitaianzia stendi, pale Kituo cha Magufuli, Mbezi, asubuhi moja ambayo mpaka leo inanichoma.

Wakati huo nilikuwa kwenye kikundi kidogo kilichotengeneza programu ya kukata tiketi za mabasi. Asubuhi hiyo nilikwenda stendi kuangalia kama tiketi zetu zinasomeka vizuri kwenye simu za makondakta. Saa kumi na mbili na nusu akafika mama mmoja wa makamo, begi mkononi, na kijana wa mkokoteni nyuma yake amebeba kiroba cha nazi. Anakwenda Mbeya. Tiketi yake inasema basi linaondoka saa moja kamili, na yeye amewahi nusu saa nzima. Lakini basi lilikuwa limeshaondoka tangu saa kumi na mbili. Wakala akamwambia, "Mama, mbona jana usiku ulitumiwa ujumbe kwamba muda umebadilika?" Mama akasema hajaona ujumbe wowote.

Nikamsogelea. "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Naomba niitazame simu yako."

Akanipa. Nikaingia kwenye mipangilio, nikakuta arifa za programu yetu zimezimwa zote. Nikamuuliza kama amezizima mwenyewe. Akasema, "Nilimwambia mjukuu wangu anizimie. Simu ililia usiku wa manane. Mwanangu, simu ikilia saa ile mimi najua kuna msiba. Nimeamka natetemeka, napapasa miwani gizani, kumbe mnaniambia nauli ya Arusha imeshuka. Mimi Arusha sina mtu."

Nilimtafutia nafasi kwenye basi la saa tatu. Alifika Mbeya, na nazi zake zilifika. Lakini niliporudi ofisini nilianza kufuatilia ule ujumbe wa kubadilika kwa muda, hatua kwa hatua, nijue ulipotelea wapi. Nataka tuufuate pamoja, kwa sababu ukiijua njia yake utaelewa kwa nini mama yule alikosa basi, na kwa nini kosa lilikuwa letu.

Wengi wanadhani programu iliyomo ndani ya simu inakaa macho muda wote, inasikiliza kama imeitwa. Hapana. Kama kila programu ingeshikilia mstari wake wa mtandao usiku kucha, simu yenye programu arobaini ingekuwa na mistari arobaini, na chaji isingefika adhuhuri. Kinachofanyika ni kama nyumba ya wapangaji wengi yenye mlinzi mmoja getini. Wapangaji wamelala vyumbani. Mlinzi peke yake ndiye aliye macho, anapokea barua za nyumba nzima, kisha anagonga mlango wa mwenye barua. Kwenye simu za Android zenye huduma za Google, mlinzi huyo ana mstari mmoja tu ulio wazi kwenda kwenye seva za Google. Kwenye iPhone, mstari unakwenda Apple. Apple waliufungua mlango huo kwa watengenezaji wa programu mwaka 2009, na Google wakafuata mwaka 2010. Huduma ya Google ya siku hizi inaitwa Firebase Cloud Messaging.

Kwa hiyo mimi mwenye programu ya tiketi siwezi kukutumia arifa moja kwa moja. Lazima nipitie kwa Google au Apple. Programu yangu inapoanza kufanya kazi kwenye simu yako inapewa tokeni, yaani mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu. Tokeni siyo namba yako ya simu. Ni anwani ya programu hii, ndani ya simu hii, na basi. Ukiifuta programu ukaiweka tena, utapata tokeni nyingine. Programu inaituma tokeni hiyo kwenye seva yangu, nami naiandika kando ya jina lako. Siku nikiwa na neno la kukwambia, naandika ujumbe, nabandika ile tokeni, nawapa Google, na wao wanamkabidhi mlinzi wa simu yako.

Hapa nitenge jambo moja lisichanganywe. Programu inayokukumbusha wakati wa swala mara nyingi haihitaji safari hii yote. Nyakati zimeshahesabiwa ndani ya simu, na simu yenyewe inajiwekea kengele, hata kama huna bando. Ninayozungumzia leo ni arifa inayotoka nje, inayobeba habari ambayo simu haikuwa nayo.

Basi tuurudie usiku ule. Saa tatu usiku, ofisi ya basi ikabadilisha muda wa kuondoka kutoka saa moja hadi saa kumi na mbili. Seva yetu ikakusanya abiria wote wa basi lile, ikatoa tokeni zao, ikapeleka ujumbe Google. Google wakajibu kwamba umepokelewa. Kwenye ukurasa wetu wa usimamizi likatokea neno la kijani: imetumwa. Wakala alipomwambia mama kwamba alitumiwa ujumbe, alikuwa amesoma neno hilo.

Na ujumbe haukupotea njiani. Simu ya mama ilikuwa na chaji na mtandao. Mlinzi aliupokea, akafika mlangoni, akakuta agizo la mwenye nyumba: za hawa usiniletee. Akautupa. Hakuna aliyeturudishia taarifa, kwa sababu mtu akizima arifa zako kwenye simu, tokeni yake inabaki hai. Ukituma, Google wanapokea. Neno la kijani linatokea. Wewe unafurahi kwamba umewafikia watu elfu, kumbe sehemu yao walishakufungia mlango miezi mingi nyuma. Kitu pekee unachoweza kufanya ni kuiagiza programu, kila inapofunguliwa, iitazame hali ya arifa kwenye simu ile na kuipelekea seva yako taarifa. Sisi hatukuwa tumeiagiza.

Sasa ile ya usiku wa manane. Mwenzetu mmoja alipanga tangazo la nauli liondoke saa tatu usiku, watu wakiwa wamekaa na simu mkononi. Akaandika 21:00. Lakini seva yetu ilikuwa ikihesabu kwa saa ya Greenwich, ambayo iko nyuma yetu kwa saa tatu. Ikasubiri 21:00 ya kwake, na hapa kwetu ikawa saa sita usiku. Kosa la mstari mmoja. Tangazo likaenda kwa wateja wote, wa Mbeya, wa Arusha, wa Tanga, kwa mlio uleule wa basi kubadilishiwa muda. Dawa yake ni ndogo: saa inaandikwa pamoja na jina la eneo, Africa/Dar_es_Salaam, na seva inawekewa kizuizi kwamba tangazo lolote lisitoke kati ya saa mbili usiku na saa mbili asubuhi, hata mtu akiagiza vipi. Habari ya safari ya kesho asubuhi ndiyo peke yake inayoruhusiwa kupita.

Lakini ukitazama vizuri, saa sita usiku ilikuwa ni kidonda cha juu tu. Cha ndani ni kwamba mama yule hakuwahi kuulizwa kama anataka chochote. Simu yake ilikuwa ya Android ya zamani kidogo, na kwenye simu hizo programu ikishaingia inapiga kelele itakavyo mpaka mwenye simu achoke aizime. Tangu Android 13, iliyotoka mwaka 2022, mambo yamegeuka. Programu mpya inaingia ikiwa kimya, na ikitaka kutoa arifa lazima iombe. Simu inaonyesha kisanduku chenye majibu mawili, kuruhusu au kutoruhusu. iPhone zilikuwa na utaratibu huo wa kuomba tangu mwanzo.

Na mtengenezaji anayenisikiliza aishike hesabu hii. Kwenye iPhone, kisanduku kile unakionyesha mara moja tu. Mtu akikataa, hutakionyesha tena. Itabidi yeye mwenyewe aende kwenye mipangilio ya simu akufungulie, na wangapi wataifanya safari hiyo kwa ajili ya programu ya tiketi? Kwenye Android 13 na kuendelea, akikataa mara mbili, simu inakunyamazisha vilevile. Kwa hiyo una swali moja, au mawili, kwa maisha yote ya programu yako ndani ya simu ile. Halafu nenda katazame programu zinavyolitumia: mtu ameifungua kwa mara ya kwanza, hata kuandika jina lake bado, kisanduku kinamrukia usoni. Hajui unauza nini. Hajui utamtumia nini. Anachojua ni kwamba zipo programu nyingine zinazomsumbua. Anakataa, na kwa aliyoyajua dakika ile amefanya sawa.

Tena lipo shimo ambalo watengenezaji wengi hutumbukia bila kujua. Programu iliyoandikwa kwa kanuni za Android za kabla ya 13, ikiwekwa kwenye simu mpya, simu inakionyesha kisanduku hicho yenyewe mara programu inapoandaa arifa zake, na mara nyingi hiyo ni sekunde ya kwanza ya kufunguliwa. Unatumia swali lako bila hata kuamua. Lazima uihamishie programu kwenye kanuni mpya ndipo uweze kuchagua wakati wa kuuliza.

Ni wakati gani basi? Sisi, baada ya asubuhi ile ya Mbezi, tulihamisha swali likakaa mara tu baada ya malipo. Fikiria abiria amechagua kiti, amelipa, amepata tiketi yake ya kesho kutwa. Dakika hiyo ana jambo moja moyoni: basi hili litaondoka kweli saa hiyo? Hapo ndipo tunamletea ukurasa wetu wenyewe, siyo kisanduku cha simu, umeandikwa kwa maneno ya kawaida: "Basi la Mbeya likibadilishiwa muda, tukujulishe kwenye simu hii?" Chini kuna majibu mawili, "Ndiyo, nijulishe" na "Si sasa". Akigusa ndiyo, ndipo tunaiambia simu ionyeshe kisanduku chake, na wakati huo abiria anajua anaruhusu nini. Akigusa si sasa, ukurasa unaondoka kimya, na kisanduku cha simu bado hakijatumika. Tunaweza kumuuliza safari ijayo. Ukurasa huu wa katikati ni kazi ya nusu siku kuuandika, nami naukosa kwenye programu nyingi mno.

Kuna sharti lakini. Ulichokiahidi kwenye ukurasa ule ndicho utakachokituma. Mtu aliyekuruhusu umwambie habari za basi lake hakukuruhusu umwambie nauli ya Arusha. Apple wameliandika hilo kwenye masharti yao kwa wenye programu: arifa zisitumike kutangazia biashara isipokuwa mteja amekubali waziwazi, na ndani ya programu pawe na mahali pa kujitoa. Kwenye Android, tangu toleo la 8 la mwaka 2017, upo mgawanyo wa arifa kwa mafungu. Mtengenezaji anatenga fungu la mabadiliko ya safari, fungu la ofa, na mengine kama yapo, na kila fungu lina mlio wake na swichi yake. Mtu akichoka na ofa, anaikandamiza arifa moja ya ofa kwa kidole mpaka swichi itokee, anazima fungu lile peke yake, na habari za safari zinaendelea kumfikia.

Sisi tulikuwa na fungu moja tu. Tuliliita "Jumla". Nalisema kwa uchungu, kwa sababu hapo ndipo tulipomnyima mama yule nafasi ya kuchagua. Mjukuu alipoingia kwenye mipangilio kuzima makelele ya usiku, alikuta swichi moja, akaizima, na habari ya basi ikafa pamoja na habari ya nauli. Na ukishaliweka fungu kwa mtu, huwezi baadaye kulipandishia sauti kwa nguvu zako. Fungu linakuwa la mwenye simu. Kwa hiyo mgawanyo unafikiriwa kabla programu haijatoka, siyo baada ya malalamiko.

Jambo jingine lililokuwa likituponza ni ujumbe uliochacha. Simu ikiwa imezimwa au haina mtandao, Google hawautupi ujumbe wako. Wanauhifadhi, na usipowaambia vingine wanauhifadhi hadi wiki nne. Ni ukarimu mzuri, ila fikiria abiria aliyezima simu Jumatatu usiku, akaiwasha Alhamisi yuko Tukuyu kwa shemeji yake, simu ikamlilia: basi lako linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Anashtuka. Basi gani tena? Kwa hiyo kila ujumbe tunauwekea mwisho wa uhai wake. Muda umebadilishwa saa tatu usiku, basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi, hapo katikati ni saa tisa, sawa na sekunde 32,400. Unaandika namba hiyo kwenye ujumbe, na basi likishaondoka ujumbe unakufa nalo.

Na kama muda umebadilishwa mara mbili? Saa nne usiku ofisi inasema, jamani, siyo kumi na mbili kamili, ni kumi na mbili na robo. Usipoangalia, abiria ataamka akute arifa mbili zinazopingana, aanze kupiga simu. Tunaupa kila ujumbe jina la safari yake, ili mpya ukifika uufute wa zamani na kukaa mahali pake. Android ina sehemu mbili za kuliandika jina hilo: moja ni kwa ujumbe ambao bado uko mikononi mwa Google, nyingine ni kwa ule ambao umeshatua kwenye kioo. Ukiandika moja ukasahau nyingine, abiria aliyekuwa na mtandao usiku kucha ataziona zote mbili. Tulisahau mwezi mzima, na hatukujua mpaka kondakta mmoja alipotuonyesha simu yake.

Sasa utajuaje kama unawachosha watu? Hawatakuandikia barua. Anayechoka hatua ya kwanza anazima, na hilo nimeshakwambia halikufikii usipolitafuta. Hatua ya pili anafuta programu nzima. Hapo Google na Apple wanakujulisha, ila kwa namna yao: safari nyingine ukijaribu kutuma kwa tokeni ile, Apple wanajibu kwa namba 410, na Google wanajibu UNREGISTERED. Jibu hilo huweza kuchelewa, siku hata zaidi, kwa hiyo ukiona tokeni nyingi zimekufa leo usiilaumu arifa ya leo. Huenda ni ile ya wiki iliyopita. Tokeni iliyokufa inafutwa kwenye orodha, hairudiwi.

Njia tuliyoiona ya haki ni kuwaacha baadhi ya watu kando. Kabla ya kutuma tangazo lolote, tunachagua abiria mmoja katika kila kumi, kwa bahati nasibu, hawa hatuwatumii. Baada ya wiki mbili tunalinganisha pande mbili: wangapi wamenunua tiketi, wangapi wamezima arifa, wangapi wameondoka kabisa. Ukiangalia tu waliogusa tangazo wakanunua, utajisifu bure, maana miongoni mwao wamo waliokuwa wananunua hata ungekaa kimya. Na waliozima utawakosa kabisa, maana hawaonekani kwenye hesabu ya waliogusa. Tulipolinganisha hivyo ndipo wenzangu wa mauzo walipokubali kwamba matangazo ya kila siku yakome.

Mwisho lipo jambo ambalo hakuna mpangilio utakaolitibu. Arifa haina dhamana ya kufika. Mtu anaweza kuwa amezima, bando limekwisha, ameisimamisha programu kwa nguvu kutoka kwenye mipangilio, au simu yake imetengenezwa iue kila programu iliyojificha nyuma ili kuokoa chaji. Habari ambayo mtu akiikosa anabaki stendi haipaswi kutegemea mlango mmoja. Kwa hiyo sasa, muda wa basi ukibadilika, tunatuma arifa, na abiria ambaye hajaifungua tiketi yake ndani ya nusu saa anatumiwa SMS. SMS inatugharimu, arifa haitugharimu, na ndiyo maana mwanzoni tulikuwa tumeikwepa.

Mama yule alisafiri nasi tena. Programu ilipofunguka ikatambua kwamba arifa zimezimwa, ikamwandikia mstari mmoja chini ya tiketi: "Arifa zimezimwa kwenye simu hii. Mabadiliko ya safari tutakutumia kwa SMS. Ukipenda kuziwasha, gusa hapa." Hakugusa. Safari hiyo basi lilisogezwa mbele kwa nusu saa, na SMS ikamfikia saa mbili na dakika arobaini usiku, hajalala bado. Aliporudi kutoka Mbeya, nilipotazama hali ya arifa kwenye simu yake, fungu la safari lilikuwa limewashwa. La ofa lilikuwa bado limezimwa, nasi hatujamuuliza.